Maua Laki Mbili, Machungwa Mia Nne

Shangazi alikuwa amechuchumaa chini ya mwembe wake wa dodo, anazoa kwa viganja. Ardhi yote ya kivulini ilikuwa imefunikwa na takataka laini za rangi ya majani makavu: maua yaliyonyauka, vikonyo, na katikati yake vijiembe visivyozidi punje ya kunde. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Marahaba, baba. Njoo ujionee. Mti umeharibu mimba."

Pembeni mwake kulikuwa na chupa ya plastiki yenye picha ya embe lililoiva. Kibandiko kilisema dawa ile inashika maua yote, na kwamba kipimo chake ni kifuniko kimoja kwa bomba moja. Kilichomo ndani ni nini, na kwa kiwango gani, hakikusema. Alikuwa ameinunua mjini na alitaka kujua aipige siku hiyo hiyo au asubiri jua lipungue.

Nikamwambia asubiri, kwanza maua kupukutika ni kawaida. Akanitazama kwa muda, kisha akauliza swali ambalo nililibeba kutoka Mkuranga hadi nyumbani na likakaa nami kwa wiki kadhaa.

"Kama ni kawaida, kwa nini basi mti unajisumbua kuyatoa?"

## Hesabu ya shada moja

Tuanze na karatasi na kalamu, kwa sababu hapa ndipo hofu nyingi huanzia.

Shada moja la maua ya mwembe laweza kuwa na maua mia kadhaa, na mengine hufika maelfu. Tuchukue 1,000, kwa urahisi wa hesabu. Maua hayo si ya namna moja. Mengi ni dume: yana chavua, hayana ovari, na hayatazaa hata ukiyapigia magoti. Yaliyobaki yana jinsia mbili, na ukiyatazama kwa kioo cha kukuzia utaona katikati kijidonge cha kijani chenye kijiti kilichochomoza ubavuni. Kijidonge hicho ndicho embe. Sehemu ya maua ya namna hii hutofautiana sana kutoka aina moja ya mwembe hadi nyingine, na hata kutoka msimu hadi msimu, maana shada likikua kwenye baridi maua dume huzidi. Tuseme kwenye shada letu ni 300.

Mwembe mkubwa wenye mashada 2,000 basi una maua 600,000 yanayoweza kuwa embe. Yote yakishika, na kila dodo likiwa na gramu 400 tu, mti mmoja utabeba tani 240. Hizo ni safari 24 za lori la tani kumi, zote zikining'inia juu ya shina moja.

Sasa chukua mavuno ambayo mwenye mti angeyafurahia. Kila mashada manne, shada moja likamalize na embe moja, utavuna embe 500, yaani kilo 200. Hilo ni chini ya ua moja katika kila maua elfu yenye uwezo wa kuzaa, na kwa mwembe si msimu mbaya hata kidogo.

Kwa hiyo kilichokuwa chini ya mti wa Shangazi, ukikipima kwa wingi wake tu, hakikuwa na habari yoyote. Mti unaoelekea kuzaa vizuri na mti unaoelekea kutozaa kabisa vyote viwili huacha ardhi ikiwa vile vile.

Hili lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Ina maana mkulima anatazama kitu kisichomwambia neno, na ndicho anachokinunulia dawa.

## Anayeshika kikonyo

Tunazoea kusema mti umeangusha matunda, kana kwamba tawi linashika na tawi linaachia. Mambo yanaanzia upande wa pili. Tunda lenyewe ndilo linalojishikilia.

Kwenye kikonyo kuna ukanda mwembamba wa seli, uliokuwepo tangu kitumba kilipochipua, ambao kazi yake ni kukatika. Umetegwa mapema, ukingoja amri. Kinachouzuia usikatike ni homoni inayoitwa oksini, ambayo hutengenezwa kwa wingi kwenye mbegu changa na kushuka kupitia kikonyo kuelekea tawini. Maadamu oksini inapita, ukanda ule umelala. Ikipungua, seli zake huanza kuisikia homoni nyingine, ethilini, ambayo ni gesi. Ethilini huamsha vimeng'enya vinavyoyeyusha gundi iliyo kati ya seli na seli. Baada ya hapo upepo mdogo unatosha, na hata uzito wa tunda lenyewe.

Tunda changa ni mpangaji anayelipa kodi kila siku. Siku asipolipa, mlango tayari una kufuli, na ufunguo alikuwa nao yeye.

Kwenye embe changa, ethilini imepimwa ikipanda siku moja au mbili kabla ya tunda kuanguka. Maana yake ni kwamba kijiembe unachokiona leo kimening'inia kikiwa bado kijani huenda safari yake imekwishaamuliwa. Ndiyo sababu mtu hupiga dawa Jumatatu na Jumanne matunda yakamwagika, akailaumu dawa, wakati yale yalikuwa yameshakatika kila kitu isipokuwa ngozi.

Oksini haifanyi kazi peke yake. Jiberelini, ambayo hupanda ovarini mara chavua ikifanikiwa kurutubisha, ndiyo inayoipa ovari ishara ya kwanza kwamba iendelee kukua badala ya kunyauka na petali zake. Saitokinini huchochea seli zigawanyike. Upande wa pili kuna asidi ya absisi, ambayo hupanda mti unapokuwa na kiu au sukari inapopungua, nayo husukuma mambo kuelekea kwenye ethilini. Watu husema "mizani ya homoni", na nimekubaliana na msemo huo kwa sharti moja: mizani hii haiko sehemu moja ya mti. Kila kikonyo kina yake. Shada moja linaweza kuwa na kijiembe kinachokaa na kingine kinachoondoka, vikiwa vimepishana upana wa kidole.

Hapo ndipo ndugu wanapoanza kuumizana. Tunda lililotangulia kushika hutiririsha oksini nyingi tawini, na mtiririko huo unapokutana na ule mdogo wa tunda lililochelewa, ule mdogo unabanwa. Lililochelewa haliwezi kupitisha oksini yake vizuri, na kikonyo chake kinaamka. Ukiondoa tunda la kwanza mapema kwa mkono, mara nyingi la pili hubaki. Halikuwa na ugonjwa. Lilichelewa tu.

## Kijiembe kilichopasuliwa

Siku ile kabla ya kuondoka niliomba kisu nikapasua vijiembe kadhaa vilivyoanguka. Karibu vyote vilikuwa na kitu kile kile: ndani, mahali mbegu ilipopaswa kuwa nyeupe na iliyojaa, palikuwa na kikunyanzi cha kahawia.

Shangazi akasema ni funza. Tukatafuta tundu, hakukuwa na tundu. Hakuna njia, hakuna kinyesi cha mdudu. Mbegu ilikuwa imekufa yenyewe.

Ovari ya mwembe ina chembe moja tu inayoweza kuwa mbegu. Moja. Ikikosa chavua, au ikipata chavua dhaifu, au kiinitete kikafa baada ya siku chache, hakuna ya akiba. Chanzo cha oksini kimezimika, na tunda lote lina siku zake. Chungwa si hivyo. Ndani ya ovari yake kuna vyumba kama kumi hivi, kila kimoja na chembe kadhaa, kwa hiyo mbegu tano zikifa zipo nyingine za kusimamia kazi. Tena kuna michungwa ambayo imejifunza kuishi bila mbegu kabisa, ambayo ukuta wa ovari yake una jiberelini ya kutosha kuanza safari bila kusubiri urutubishaji.

Maua mengi ya mwembe hayafikiwi na chavua kabisa. Yanayofikiwa, baadhi hupata chavua iliyoharibiwa na baridi wakati ilipokuwa ikitengenezwa. Kwenye baadhi ya aina, kiinitete kilichotokana na chavua ya mti huo huo hufa mara nyingi zaidi kuliko kile cha chavua iliyotoka kwenye mwembe wa aina nyingine. Mti hauchagui kwa kufikiri, lakini matokeo yake ni uchaguzi: dhaifu zinaondoka zingali ndogo, kabla hazijagharimu chochote cha maana.

Na hapo nikaanza kupata jibu la swali la Shangazi.

## Ua ni rahisi, embe ni ghali

Ua la mwembe halina uzito wa kutajika. Petali tano nyembamba, stameni ambazo mara nyingi ni moja tu kati yake inayotoa chavua, basi. Embe lililokomaa linabeba sukari ya majani mengi kwa miezi mitatu, minne. Mti ukitoa maua elfu umetumia kidogo sana ukilinganisha na kulea tunda moja.

Tena ua lililoanguka bila kuzaa halikushindwa kila kitu. Kama chavua yake ilichukuliwa na inzi ikafika kwenye mwembe wa jirani, limezaa huko. Ua dume liko pale kwa kazi hiyo tu.

Kisha kuna hali ya hewa. Mwembe wa pwani unachanua katikati ya mwaka bila kujua kama wiki ijayo itakuwa kavu au ya manyunyu. Manyunyu yakija, ugonjwa wa ukungu uitwao chule hugeuza shada jeusi kwa siku chache. Maua yasipofunguka yote siku moja, baadhi huwa na nafasi ya kuikwepa mvua iliyoyaharibu mengine. Idadi ile kubwa inanunua nafasi.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza. Kisha nikakwama tena, maana maelezo haya yanaeleza vizuri vilivyoanguka vikiwa na mbegu mfu, lakini hayaelezi vile vinavyoanguka baadaye vikiwa na ukubwa wa gololi au yai, na ndani vikiwa na mbegu nzima nyeupe. Hivyo vilirutubishwa. Vilikuwa vinalipa. Kwa nini viondoke?

## Riverside, kisha Muheza

Mwaka 1960 ilichapishwa hesabu ambayo bado hunistaajabisha. Watafiti wa Riverside, Kalifonia, walifuatilia kila kilichoanguka kutoka kwenye mchungwa wa Washington Navel, aina isiyo na mbegu. Mti ulitoa karibu vitumba laki 2. Karibu nusu vilianguka hata kabla ya kufunguka. Vingine vikaondoka vikiwa maua, vingine vikiwa vijichungwa. Mwishoni vilivunwa vilivyozidi 400 kidogo, kama asilimia 0.2.

Kinachonivutia si ile asilimia, ni ile nusu iliyoanguka kabla ya kuchanua. Hapo suala la chavua halipo. Hata nyuki hajafika. Mti umeshaanza kupunguza kabla ya mtihani wowote.

Kwenye jamii ya machungwa, kuna wimbi la kwanza la kupukutika kuanzia vitumba hadi wiki chache baada ya maua, na wimbi la pili linalokuja matunda yakiwa yameshika na yanaanza kunenepa kwa kasi. Wimbi la pili ndilo lililojibu swali langu. Watafiti wakikwanyua majani ya mti wakati huo, matunda humwagika. Wakikata pete nyembamba ya gome kwenye tawi ili sukari isishuke mizizini, matunda mengi zaidi hubaki. Sukari ikipungua, asidi ya absisi hupanda kwenye vijitunda, ethilini ikafuata, na kikonyo kikakatika. Kwa hiyo kuna michujo miwili tofauti yenye mwisho unaofanana. Wa kwanza unauliza kama tunda liko hai. Wa pili unauliza kama kuna chakula cha kulilea.

Uzuri wa mchungwa ni kwamba unakuachia ushahidi wa mchujo uliopo. Jamaa mmoja wa Muheza, ambaye familia yake imeishi kwa machungwa tangu babu yake, alinipigia akilalamika kama Shangazi. Nikamwomba aokote kiganja kimoja cha vilivyoanguka anitumie picha.

Vingi vilikuwa na kikonyo chake. Hivyo vimekatikia chini kabisa, pale kikonyo kinapoungana na tawi, na ndivyo maua na vijichungwa vichanga hufanya. Vichache, vile vikubwa zaidi, vilikuwa vitupu, na alipotazama juu aliona vikofia vya kijani vimebaki mtini. Hivyo vimekatikia kwenye ukanda wa pili, kati ya tunda na kikofia chake, ambao huanza kufanya kazi tunda likishakua kidogo. Mti wake ulikuwa unatoka kwenye mchujo wa kwanza unaingia wa pili. Kwa wakati ule wa msimu ilikuwa hasa inavyotakiwa.

Nikamwuliza kitu kingine: vilivyobaki mtini viko kwenye matawi ya namna gani? Akarudi kutazama, akasema vingi viko mahali ambapo ua lilitoka pamoja na majani mapya. Kwenye vishada vitupu, vyenye maua matupu bila jani, hakukuwa na kitu. Hilo nalo linajulikana. Ua lenye majani machanga jirani yake hupata jiberelini zaidi na baadaye sukari ya karibu. Kishada kitupu kinapendeza machoni na hukaribia kupukutika chote.

"Kumbe msimu wa maua mengi meupe bila majani ndio wa kutilia shaka," akasema.

Sikuwahi kulisikia likisemwa vizuri hivyo darasani.

## Mvua ya kwanza

Jamaa huyo wa Muheza ndiye aliyenieleza pia jambo ambalo wazee wa kwao wanalijua: baada ya kiangazi kirefu, siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza, vijichungwa na majani huanguka kwa wingi. Wengine husema mvua imekuja na sumu. Kwa mtu anayedhani kiu ndiyo inayoangusha, hili halina mantiki. Kiu imeisha, matunda yanaanguka.

Jibu liko mizizini. Majaribio yaliyofanywa kwenye miche ya chenza aina ya Kleopatra yalionyesha kwamba mizizi yenye kiu hukusanya ACC, ambayo ni malighafi ya ethilini. Wakati wa ukame maji hayapandi, kwa hiyo ACC inakaa huko chini. Maji yakirudi, inapandishwa juu kwa mkupuo, inageuka ethilini, na majani yakapukutika. Majaribio yale yalihusu majani. Lakini vikonyo vya matunda vinasikia ethilini ile ile, na ninachosimuliwa kutoka Muheza kinaenda sambamba nayo.

Ushauri unaotokana na hapa ni mgumu kidogo kuuweka sawa, kwa sababu ukame una kazi yake. Huku kwetu kusiko na baridi kali, ni ukavu ndio unaouambia mchungwa uache kuchipua majani na ujiandae kuchanua. Mwembe nao huchanua vizuri zaidi ukipumzishwa kwanza. Kwa hiyo mwenye pampu asikimbilie kumwagilia kabla ya maua. Kazi yake huanza matunda yakishashika, na kinachotakiwa hapo ni unyevu usiopanda na kushuka: kidogo kidogo mara kwa mara, kuliko kuacha ardhi ipasuke kisha kufurika siku moja. Asiye na pampu ana matandazo. Nyasi kavu nene chini ya kivuli chote cha mti, zikiachwa mbali kidogo na shina lisioze, hupunguza ukali wa kiu na hivyo ukali wa siku ya mvua.

## Ile chupa

Nirudi kwenye dawa, maana wengi mmefika hapa kwa ajili yake.

Dawa za kushika matunda zipo na si uongo wote. India, kwenye maembe, hutumiwa sana NAA, ambayo ni oksini ya kutengenezwa, kwa kiwango cha miligramu 20 hadi 40 kwa lita ya maji, vijiembe vikiwa na ukubwa wa njegere na tena vikiwa kama gololi. Hispania, wakulima wa klementina, ambazo ni chenza zisizokubali chavua yao wenyewe, hupiga jiberelini petali zikidondoka, kwa sababu ovari bila mbegu inahitaji msukumo ule. Kalifonia, machungwa yaliyokomaa hushikizwa mtini kwa 2,4-D kidogo sana. Naam, ile ile ya kuua magugu. Nayo ni oksini ya kutengenezwa, na tofauti kati ya kushika chungwa na kuua mmea ni kipimo.

Kipimo ndicho kinachonitoa jasho. NAA ikizidi, mti wenyewe huanza kutengeneza ethilini, na matunda hupukutika. Wakulima wa chenza huitumia kwa makusudi kupunguza matunda, kwa miligramu mia kadhaa kwa lita. Dawa moja, kazi mbili zinazopingana.

Tupige hesabu ya bomba la mgongoni la lita 16. Kwa miligramu 20 kwa lita, unahitaji miligramu 320 za NAA. Dawa yenye nguvu ya asilimia 4.5 ina miligramu 45 katika kila mililita, kwa hiyo utapima mililita 7 na ushee. Vifuniko vya chupa vinatofautiana: kimoja kinabeba mililita 10, kingine 20 na zaidi. Kifuniko cha mililita 20 kingekupa miligramu 56 kwa lita, zaidi ya kiwango cha juu kinachopendekezwa. Na hapo tumejua nguvu ya dawa. Chupa ya Shangazi haikuandikwa nguvu yoyote. Haikuandikwa hata kama ni NAA, au jiberelini, au mbolea ya majani iliyotiwa rangi. "Kifuniko kimoja kwa bomba" katika hali hiyo ni kubahatisha, na ndiyo maana nilimwambia asiifungue. Bomba la sindano la duka la dawa, lisilo na sindano, linapima mililita kwa bei ya soda. Lakini huwezi kupima kisichoandikwa.

Hata NAA halisi, iliyopimwa vizuri, haifufui mbegu iliyokufa. Inaweza kushikiza kwa muda kijiembe ambacho kingeanguka kwa kuchelewa nyuma ya ndugu yake. Halafu ndugu wawili wale wanakula sahani ile ile ya sukari, na mwisho unaweza kuvuna embe nyingi zaidi zenye umbo dogo, au kuona wimbi la pili likifuta ulichookoa. Faida ipo pale mti una majani mengi na afya, lakini umebakiza matunda machache kuliko unavyoweza kulea. Hilo huwezi kulijua kwa kutazama chini.

## Kutazama juu

Tulichofanya na Shangazi ni kufunga vitambaa vyekundu kwenye mashada kumi, kila upande wa mti na ndani ya kivuli pia, tukaandika kwenye daftari la shule vijiembe vilivyoko kwenye kila shada. Kila Jumapili anahesabu vilivyobaki na kunitumia kwa simu. Hahesabu vilivyoanguka.

Namba za mwanzo zilishuka haraka, kama tulivyotegemea. Kisha zikatulia. Zinapotulia kwenye embe moja kwa kila mashada matatu au manne, msimu uko salama na hakuna cha kununua. Zikishuka hadi sifuri kwenye karibu mashada yote, hapo ndipo tunatafuta mkosaji, na kila mkosaji ana alama yake. Shada lililogeuka jeusi pamoja na vijiti vyake ni chule. Lenye unga mweupe ni ubwiriunga. Tunda lililoanguka na kovu safi kwenye kikonyo limejikata lenyewe, lakini lenye kikonyo kilichochanika na tawi kuvunjika ni upepo. Embe kubwa linaloanguka karibu na kukomaa, lenye kidoa laini, ukilipasua ukakuta funza weupe, ni inzi wa matunda, na hayo yaokotwe na kufukiwa au kufungiwa ndani ya mfuko mweusi juani, kwa sababu kila moja ni kizazi kijacho.

Mkosaji mmoja hana alama kabisa, naye ni bomba letu. Wachavushaji wakubwa wa mwembe ni inzi wa kawaida, wale wa mizogani na vyooni, pamoja na nyuki na nyigu wadogo. Mtu anaona inzi wamejaa kwenye maua, anaona aibu au anaogopa, anapiga dawa ya wadudu asubuhi shada likiwa limefunguka. Baada ya wiki mbili maua yote yako chini, safi, bila doa, na kila kijiembe kilichobahatika kutokea kina mbegu ya kahawia.

Shangazi aliniuliza kama bomba lake nalo lilihusika. Nikamwambia aangalie tu msimu ujao asipige kitu cha wadudu tangu ua la kwanza lifunguke hadi vijiembe vifike punje ya njegere, na akilazimika kupambana na chule, apige dawa ya ukungu peke yake, jioni, inzi wakiwa wameshaondoka.

"Na utumbo wa samaki niuning'inize?" akauliza, maana amewahi kuona watu wakifanya hivyo kuvuta inzi.

Ukweli ni kwamba hata Australia kuna wakulima wa maembe wanaoweka mizoga shambani wakati wa maua kwa sababu hiyo hiyo. Nikamwambia aning'inize, ila upande wa mbali na dirisha la jirani.